Kalenda mbili kwenye daftari moja

(Haya ni maneno niliyozungumza tarehe 19 Juni, siku ya siko seli, mbele ya mabinti na wazazi wao huku Mbagala. Wengi mliomba niyaandike, nimeyaandika kama nilivyosema, sijayapiga pasi.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wanangu, mama zangu, na akina baba wawili niliowaona pale mlangoni, karibuni, msione aibu, ingieni mkae, leo tunaongelea hedhi na hakuna mtu atakayewang'ata.

Mimi ni nesi, wengi mnanijua. Jumanne nakaa kliniki ya siko seli, Alhamisi nakaa chumba cha uzazi wa mpango, jengo ni lile lile, korido ni ile ile, na kwa miaka mingi nilikuwa nafanya kazi kama watu wawili wasiosalimiana. Jumanne namuuliza binti umeumwa mara ngapi, umekunywa foliki asidi, umepata malaria? Simuulizi siku zake ziliingia lini. Alhamisi namuuliza mwingine siku zako ziliingia lini, una watoto wangapi, presha ipo sawa? Simuulizi kama ana siko seli. Nimekaa hivyo mpaka akaja binti mmoja na daftari.

Huyo binti ana miaka 21, anasuka saluni, yaani kutwa amesimama. Ni SS, yaani amerithi siko seli kwa baba na kwa mama. Kiwango chake cha damu akiwa mzima, hana homa hana maumivu, ni 7.8, na hicho ndicho chake, mnanielewa, wenye siko seli wengi wanaishi kati ya 6 na 9 na wanafanya kazi zao. Mama yake alikuwa amemuandikia kila kraisisi, yaani kila maumivu makali ya siko seli yalipompata, kwenye daftari la shule, tarehe, ilianzia wapi, walilala hospitali au hapana. Sasa binti mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hilo hilo alikuwa anaweka alama nyekundu za siku zake, kama mabinti wengi wanavyofanya. Mbele kalenda moja, nyuma kalenda nyingine, na hakuna aliyewahi kuziweka pamoja.

Nikachukua kalamu tukakaa. Miezi minane, kraisisi sita. Tano kati ya hizo zilianza kati ya siku moja kabla ya damu kutoka na siku ya pili ya hedhi. Ya sita ilikuja baada ya kunyeshewa na mvua kutoka Kariakoo. Mama yake alinyamaza kwanza halafu akasema, kumbe kila mwezi nilikuwa namlaumu kwa kutokuvaa sweta!

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe leo. Wanawake wengi wenye siko seli wanapata kraisisi zao kuzunguka hedhi, na hospitali hatuwaulizi, nao hawasemi, sababu tumbo la hedhi kila mtu anaambiwa ni la kawaida vumilia.

Kwa nini inatokea? Ngozi laini ya ndani ya mfuko wa uzazi inapoanza kubomoka inatoa kemikali zinaitwa prostaglandini, hizo ndizo zinazoubana mfuko ili usukume damu, na zikiwa nyingi zinabana mishipa pia, tumbo linakaza, zinavuruga matumbo, ndiyo maana kuna wanaoharisha na kutapika siku ya kwanza. Sasa kwa mtu asiye na siko seli hayo yanaisha na panado na chupa ya maji moto. Kwa mwenye siko seli fikiria: umeharisha, umetapika, hujala, hujalala usiku, mwili umepungukiwa maji, na mwilini kuna hali ya uvimbe wa ndani inayopanda kipindi hicho. Chembe ya damu ya SS ikipungukiwa maji, himoglobini yake inajazana ndani, inajipanga kama vijiti, chembe inakunjika kama mundu, inanasa kwenye mshipa mdogo. Hapo kraisisi imeshaanza wakati wewe unadhani bado unaumwa tumbo.

Na kuna kitu kingine ambacho hakipo kwenye vitabu vyetu vya nesi ila mabinti wananiambia. Shuleni hawanywi maji siku za hedhi. Choo hakina mlango, hakina maji, hakuna pa kutupa pedi, basi anaona dawa ni kutokunywa ili asiende. Na figo za mwenye siko seli hazina uwezo wa kubana mkojo kama za wengine, yeye unywe usinywe mkojo unatoka, kwa hiyo akiacha kunywa kuanzia asubuhi mpaka saa tisa mchana anakauka haraka kuliko rafiki yake wa dawati moja. Huyo akianza kulia mgongo saa kumi mnasema amerogwa.

Sasa utajuaje hili ni tumbo na hii ni kraisisi? Tumbo la hedhi linakaa chini ya kitovu, linashuka mapajani na kiunoni, linakuja na kuondoka kama mawimbi, na siku ya pili ya tatu linalegea. Kraisisi inakaa kwenye mfupa, mkono, mguu, mgongo wa juu, mbavu, haiji kwa mawimbi, inagonga tu, na unaweza kuonyesha kwa kidole pale pale. Mara nyingi vinakuja vyote viwili, ndiyo shida. Ila kifua kikibana au pumzi ikawa fupi, au joto likapanda 38 na zaidi, au mtu akapauka ghafla, au mkono ukalegea na maneno yakapinda, hapo achaneni na habari za hedhi, bodaboda hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

Dawa za maumivu. Brufeni inafanya kazi vizuri kwenye hedhi kwa sababu inapunguza zile prostaglandini zenyewe, haifuniki maumivu tu, na inasaidia zaidi ukiianza mapema, dalili ya kwanza tu, usisubiri mpaka unajikunja. Mtu mzima miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, siku mbili tatu basi. Lakini, na hapa nawaomba msikilize, siko seli inachokonoa figo taratibu, na brufeni na diklofenaki zote zinazibana figo. Kwa hiyo kabla hujaifanya kuwa ya kila mwezi, pima mkojo kuangalia protini, na mwambie daktari. Kipimo cha damu cha figo peke yake kinaweza kuonekana kizuri kwenye siko seli wakati figo zimeshaanza kuumia, ndiyo maana nasema mkojo. Mwenye protini kwenye mkojo, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, au aliyetapika mpaka amekauka, huyo brufeni hapana, ni panado na kuwahi kliniki.

Haya, turudi kwa msusi wetu. Damu yake ilikuwa inatoka siku saba, siku mbili za kwanza anabadilisha pedi kila baada ya saa mbili, na mabonge. Alipokuja kwangu alikuwa na 6.1. Kumbuka cha kwake ni 7.8.

Hapa kuna mtego mkubwa. Binti wa siko seli akionekana mweupe viganja kila mtu ana dawa, shangazi analeta juisi ya rozela, jirani analeta bitiruti, duka la dawa wanampa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Upungufu wa damu wa siko seli kwa kawaida hautokani na kukosa chuma. Chembe za wengine zinaishi kama siku 120, za mwenye SS zinaishi siku 10 mpaka 20 zinavunjika. Ila zinavunjikia ndani. Ni kama sufuria ikivunjikia jikoni kwako, chuma chake bado ni chako, fundi anaweza kukiyeyusha akatengeneza nyingine. Ukiongeza chuma juu ya hicho, na hasa kama mtu ameshaongezewa damu mara nyingi, kila chupa moja inaleta miligramu 200 hivi za chuma na mwili hauna mlango wa kukitoa, kinarundikana kwenye ini na moyo. Ndiyo maana tunawaambia msinunue vidonge vya chuma ovyo, mnachohitaji kila siku ni foliki asidi, na muwe macho sababu kuna vidonge vya wajawazito ambavyo vimechanganya vyote viwili, mtu anadhani anakunywa foliki kumbe anakunywa na chuma.

Lakini hedhi ni sufuria iliyoibiwa. Imetoka nje ya nyumba, haitarudi. Kwa hiyo binti mwenye siko seli anayetoka damu nyingi kila mwezi anaweza kweli kuishiwa chuma, na sisi kwa kukariri kwamba siko seli hapewi chuma tunamuacha anazidi kushuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu. Alipimwa feritini, kile kipimo cha akiba ya chuma, akiwa wodini kwenye kraisisi, ikaja 90, ikaandikwa kawaida. Feritini ina tabia moja, mwili ukiwa na kraisisi au homa inapanda yenyewe hata kama akiba haipo. Tukarudia wiki nne baadaye akiwa mzima, ikaja 12. Na chembe zake zilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa. Huyo hana chuma, na maishani mwake alikuwa ameongezewa damu mara moja tu akiwa mtoto. Daktari akamuandikia chuma kwa miezi mitatu na tarehe ya kurudi kupima, akafika 7.7.

Mama mmoja hapa mbele ananitikisia kichwa, anataka kuuliza mbona tusimpandishe afike 12 kama wengine. Mama, damu ya SS ikiwa nyingi inakuwa nzito, ukimuongezea chupa mpaka apite 10 inaanza kupita kwa shida kwenye mishipa na unaweza kumletea kraisisi au kiharusi kwa mikono yako. Tunamrudisha pale pake.

Lakini kumpa chuma huku bomba linavuja kila mwezi ni kazi bure. Tukaingia chumba cha Alhamisi.

Nianze na kitu watu wa uzazi wa mpango hawakiamini mpaka nikiwaambia mara mbili. Mwaka 1982, kule Jamaika, ambako siko seli ipo nyingi kama kwetu, madaktari walichukua wanawake 25 wenye SS wakawapa sindano ya depo kipindi kimoja na sindano ya maji matupu kipindi kingine, wakalinganisha. Wakiwa kwenye depo, kraisisi zilipungua na chembe za damu zilikuwa na hali nzuri zaidi, ikachapishwa kwenye jarida la Lanseti. Utafiti ni mdogo, wanawake 25 siyo wengi, siwafichi. Ila tangu hapo hatuongelei depo kwa mwenye siko seli kama kinga ya mimba peke yake.

Depo ina homoni moja, projestini. Vijiti vya mkononi pia projestini. Kitanzi cha homoni pia projestini, hicho ndicho kinachopunguza damu kuliko vyote, tatizo ni kukipata na bei. Vidonge vya akina mama wanaonyonyesha navyo ni projestini. Shirika la Afya Duniani linaviweka vyote hivi kwenye daraja la kwanza kwa mwenye siko seli, yaani tumia bila kizuizi. Vidonge vya majira vya kawaida vina homoni mbili, projestini na istrojeni, na istrojeni inaongeza kuganda kwa damu, na damu ya siko seli tayari ina tabia ya kuganda. Shirika la Afya linaviweka daraja la pili, yaani kwa kawaida vinaweza kutumika. Wamarekani mwaka 2024 walibadili mwongozo wao wakaviweka daraja la nne, yaani usitumie kabisa, na hata depo wakaiongezea tahadhari. Mimi nikiwa na mtu mwenye SS mbele yangu na vijiti vipo kabatini, sioni sababu ya kumpa vya istrojeni. Kitanzi cha shaba hakina homoni, ni salama, lakini kinaweza kuongeza damu na tumbo, kwa msusi wetu ingekuwa kumwaga petroli. Na ile dawa ya kukata damu mnayonunua dukani, hiyo inashikilia mabonge yasiyeyuke, msiinywe bila daktari anayejua una siko seli.

Yeye alichagua depo. Nilimwambia mambo matatu kabla sijamchoma, na nawaambia na nyie. La kwanza, miezi ya mwanzo damu inachafuka, inatoka matone, inakuja bila ratiba, na wengi wanaacha hapo. Yeye ilitoka matone siku 19 mfululizo, alikuja amekasirika kweli, nikamwambia vumilia sindano ya pili. La pili, uzazi unachelewa kurudi, kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na yeye ana mchumba anataka mtoto baada ya miaka miwili, kwa hiyo tuliandika kabisa kwenye kadi sindano ya mwisho iwe lini na abadilishe kwenda vijiti, ambavyo vikitolewa uzazi unarudi haraka. La tatu, depo inapunguza uimara wa mifupa ikitumika muda mrefu, na siko seli inaua mfupa wa nyonga, kwa hiyo mwenye maumivu ya nyonga ya muda mrefu au anayechechemea aseme kwanza. Na aliyewahi kupata kiharusi au damu kuganda mguuni asichomwe kabla daktari hajamuona.

Sindano ya tatu hedhi ilikata, kama inavyotokea kwa karibu nusu ya wanaotumia depo mwaka mzima. Miezi minane iliyofuata alipata kraisisi moja, na ilikuja na malaria. Mtu mmoja siyo ushahidi, mwingine anaweza asipate nafuu hiyo, ila daftari lipo mnaweza kuliona.

Sasa maswali. Mama aliyevaa kitenge cha njano aliuliza, hiyo damu isiyotoka inaenda wapi, si inabaki ndani inakuwa chafu? Hapana mama. Mwezi wa kawaida mfuko unatandika godoro likingoja mgeni, mgeni asipokuja godoro linatolewa nje, hiyo ndiyo hedhi. Depo inafanya godoro lisitandikwe. Hakuna kilichobaki.

Akauliza tena, mwanangu ana miaka 17, nikimpeleka chumba cha uzazi wa mpango watu wa mtaani si watasema namfundisha umalaya? Hili ni gumu na sitalifanya jepesi. Ninachofanya mimi, binti kama huyo namchoma Jumanne, kliniki ya siko seli, kwenye kadi yake ya siko seli, ni dawa ya hedhi nzito na kraisisi kama dawa nyingine. Kama kituo chenu hawafanyi hivyo, waombeni. Na mkumbuke mabinti wa siko seli wengi wanavunja ungo kwa kuchelewa, kama miaka miwili nyuma ya wenzao, kwa hiyo wa miaka 17 anaweza kuwa bado mgeni kabisa wa mambo haya.

Dada aliyekaa karibu na feni anatumia haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza kraisisi, akauliza kama inagombana na depo. Haigombani. Tena wewe ndiye unayeihitaji kinga zaidi, sababu haidroksiyurea inaweza kumdhuru mtoto tumboni, tunataka uiache kama miezi mitatu kabla ya kubeba mimba, na mimba isiyopangwa haikupi hiyo miezi mitatu. Ukitaka mtoto njoo useme mapema, usiiache kimya kimya nyumbani, kraisisi zitarudi.

Na binti wa kidato cha pili, aliyeuliza kwa sauti ndogo, afanyeje na choo cha shule. Nimeongea na mwalimu wenu wa afya, mtatumia choo cha walimu siku hizo, amekubali mbele yangu, akikataa nipigie. Chupa ya lita moja iishe kabla ya saa nne, nyingine kabla ya saa nane. Na nyie wa mstari wa nyuma, chupa niliwagawia saa tatu asubuhi nikazihesabu, naona bado zimejaa, hebu kunyweni.